Nyaya Zifuate Mwanga wa Dirisha

Saa nne asubuhi, siku ya mawingu, pita katika darasa la shule yoyote ya ghorofa jijini Dar es Salaam. Mara nyingi utakuta taa zote zinawaka. Mwanafunzi aliyekaa kando ya dirisha hazihitaji hata kidogo, ilhali mwenzake wa upande wa pili wa chumba bila taa hizo atainamisha kichwa hadi pua iguse daftari. Mwalimu angependa kuzima nusu, lakini akibonyeza swichi moja kati ya mbili zilizo mlangoni zinazimika taa zote za mbele, karibu na ubao, za dirishani na za ukutani pamoja. Akibonyeza ya pili zinazimika za nyuma zote. Hakuna swichi inayozima za dirishani peke yake. Basi anaziacha zote, na anayefuata anaziacha vilevile.

Lawama humwangukia mwalimu, naye hana kosa. Kosa lilifanyika mezani kwa mchoraji, siku alipogawa sakiti za taa kwa kuufuata ubao badala ya kulifuata dirisha. Ili ugawaji huo ufanyike sawasawa inabidi kwanza mtu ajue mwanga wa mchana unafika wapi ndani ya chumba, na kwa kiasi gani. Kipimo cha kazi hiyo kipo, na hesabu yake si ngumu.

Wahandisi hulinganisha mwanga unaoangukia dawati na mwanga unaoangukia uwanja ulio wazi nje, kwa wakati uleule, chini ya anga lililotanda mawingu. Mwanga hupimwa kwa laksi. Nje kukiwa na laksi 12,000 na juu ya dawati kuna 240, uwiano wa mwanga wa mchana pale dawatini ni asilimia 2. Sababu ya kutumia asilimia badala ya laksi tupu ni kwamba mwanga wa nje haukai. Wingu likipita unashuka, likiachia unapanda, na wa dawatini unapanda na kushuka nao. Uwiano wenyewe haubadiliki sana, kwa kuwa unatokana na jengo: ukubwa wa dirisha, kina cha chumba, rangi ya kuta, na ghorofa la jirani linaloziba anga.

Sharti la mawingu lina maana yake. Mwaka 1955 Tume ya Kimataifa ya Mwanga ilikubaliana juu ya anga la mfano, lisilo na jua, ambalo utosi wake unang'aa mara tatu kuliko upeo wa macho. Anga hilo ni sawa pande zote, kwa hiyo darasa linalotazama magharibi hupata uwiano uleule na linalotazama kaskazini. Hapo ndipo ulipo udhaifu wa kipimo hiki kwa watu wa ukanda wa jua, nami nitaurudia baadaye kidogo. Waingereza waliwahi kukiamini kupita kiasi. Kanuni zao za majengo ya shule baada ya Vita Kuu ya Pili zilidai asilimia 2 kwenye madawati. Wasanifu wakatimiza kwa kujaza vioo ukuta hadi ukuta, na watoto wakapata madarasa yenye mwanga tele ambayo wakati wa kiangazi yaliwaka joto.

Tuchukue darasa la mfano. Lina urefu wa mita 9 na kina cha mita 7 kutoka dirishani hadi ukuta wa ndani, na dari lake liko mita 3 juu. Upande mmja tu ndio una madirisha. Upande wa pili ni korido ya ndani, kama ilivyo katika shule nyingi zilizobanwa mjini. Madirisha ni matatu, kila moja mita 2.4 kwa 1.5, na sehemu yake ya juu inafika mita 2.4 kutoka sakafuni. Jumla ni mita za mraba 10.8, lakini fremu za aluminiamu na grili za wezi zinakula sehemu ya tano, kwa hiyo kioo kinachopitisha mwanga ni mita 8.64 tu. Wastani wa uwiano kwa chumba kizima hupatikana hivi:

D = (T × Aw × θ × M) ÷ (A × (1 − R²))

T ni sehemu ya mwanga inayopita kwenye kioo safi, tuseme 0.85. Aw ni eneo la kioo, 8.64. Alama θ ni pembe ya anga inayoonekana kutoka katikati ya dirisha. Bila kizuizi ingekuwa digrii 90, lakini zege la kukinga jua juu ya dirisha linachukua 20 na jengo la jirani linachukua 10, zinabaki 60. M ni punguzo la vumbi, 0.9 kama vioo vinafutwa. A ni eneo la nyuso zote za ndani, yaani sakafu, dari na kuta nne: mita za mraba 222. R ni wastani wa uwezo wa nyuso hizo kurudisha mwanga, na hapa tuuweke 0.5. Ukipiga hesabu unapata karibu asilimia 2.4.

Jibu hilo linapendeza. Kwa kawaida wastani wa chini ya asilimia 2 humaanisha chumba kitategemea taa karibu siku nzima, na asilimia 5 kwenda juu humaanisha taa hazihitajiki mchana ila kwa nadra. Darasa letu limeangukia katikati, mahali ambapo taa na dirisha vinapaswa kusaidiana. Lakini wastani unaficha jambo. Ukigawa chumba kwa safu tatu zinazokwenda sambamba na dirisha, unaweza kukuta safu ya dirishani ina asilimia 4.5, ya kati 1.8 na ya ndani kabisa 0.9. Wastani wake ni ule ule 2.4, na hakuna mwanafunzi hata mmoja anayekaa ndani ya huo wastani.

Mashuleni kwetu kuna desturi moja inayofanya pengo hilo liwe baya zaidi: kupaka nusu ya chini ya ukuta rangi ya mafuta ya kahawia au bluu nzito, ili uchafu wa mikono usionekane. Ninaelewa sababu yake. Ila ukuta huo ndio ungerudisha mwanga kwa watoto wa ndani, maana anga lenyewe wanaliona kwa utepe mwembamba tu, au hawalioni kabisa. Katika hesabu yetu R ikishuka kutoka 0.5 hadi 0.4, wastani unashuka hadi asilimia 2.1; ikipanda hadi 0.6 kwa rangi nyeupe au krimu, unafika 2.8. Kuna kanuni nyingine ya kujua kama chumba kina kina kupita kiasi. Gawanya kina kwa upana wa chumba, kisha gawanya kina kwa kimo cha juu ya dirisha, halafu jumlisha. Kwa darasa letu ni 7 kwa 9, na 7 kwa 2.4: jumla 3.7. Kikomo ni 2 kugawa kwa (1 − R) ya nusu ya ndani ya chumba. Ukuta wa ndani ukiwa wa rangi nyepesi yenye R ya 0.5 kikomo ni 4, na chumba kimepita. Ukiwa mzito kwa 0.4, kikomo ni 3.3, na chumba hichohicho, bila kuguswa tofali, kimeshindwa. Vumbi nalo si jambo dogo: kwenye shule iliyo kando ya barabara ya vumbi, M inaweza kushuka hadi 0.7, na wastani ukaangukia 1.9.

Jengo likiwa limeshasimama, ni heri kupima kuliko kukisia. Zinahitajika mita mbili za mwanga na watu wawili wenye simu. Mmoja anapanda juu ya paa au anasimama katikati ya uwanja usio na miti. Wa pili anazima taa zote na kupita darasani akiweka mita yake kimo cha dawati, mita moja na nusu hivi kati ya nukta na nukta. Kila akisema "sasa", wote wawili wanasoma na kuandika. Siku iwe ya mawingu kamili: nyoosha mkono juu ya karatasi nyeupe, ukiona kivuli chenye ukingo, rudi siku nyingine. Anayepima ndani asijiinamie juu ya mita, na asivae shati jeupe, kwa kuwa linarudisha mwanga wa dirisha kwenye kipimo. Mwenye mita moja anayepima ndani kwanza kisha akatoka nje mbio atapata namba, lakini ni namba ya mawingu mawili tofauti.

Ukishachora namba hizo kwenye ramani ya darasa, mipaka ya kanda inajionyesha yenyewe. Taa za darasa letu ni tisa, kila moja wati 36, zimepangwa safu tatu za tatu tatu sambamba na dirisha. Kwa pamoja zinatumia wati 324 na zinatoa kiasi cha laksi 300 kwenye madawati, kiwango kinachotumika sana kwa darasa la kawaida. Kila safu iwe kanda yake, na sakiti yake, na swichi yake. Taa za kumulika ubao ziwe kanda ya nne, kwa sababu ubao ni uso uliosimama wima, unahitaji mwanga zaidi wakati wa kuandika na hauhitaji kabisa pale projekta inapowashwa. Hapo ndipo mchoraji anapojichanganya: anaziunganisha taa za ubao na safu nzima ya mbele, na kanda zote zinapoteza maana.

Usinakili mpangilio huu kila mahali. Shule nyingi za chini, zile za bweta moja la madarasa lenye baraza upande mmoja na madirisha pande zote mbili, safu yenye giza iko katikati. Huko kanda ya kati ndiyo inayobaki ikiwaka, na mbili za pembeni zinazimwa. Upande wa baraza pia huwa na giza kidogo kuliko upande wa pili, kwa kuwa paa la baraza linaziba anga.

Sasa turudi saa nne asubuhi, nje kukiwa na laksi 12,000. Safu ya dirishani inapata 540 kutoka angani, ya kati 216, ya ndani 108. Kwa swichi za kawaida tu, mwalimu anazima safu ya kwanza na kuziacha mbili: wati 216 badala ya 324. Theluthi ya umeme imeokolewa na gharama yake ni waya kidogo na swichi moja ya ziada. Lakini safu ya kati imepungukiwa laksi 84 tu, nayo inaongezewa 300 kamili. Hapo ndipo dima inapoingia: taa inapunguzwa hadi itoe kile kilichopungua. Safu ya kati inahitaji asilimia 28 ya nguvu yake, ya ndani asilimia 64. Kwa taa za LED matumizi ya umeme hushuka karibu sawa na mwanga, kwa hiyo chumba kizima kinatumia wati 100 hivi. Mvua kubwa ikikaribia na nje kukabaki laksi 4,000, safu ya kwanza inapanda hadi asilimia 40, ya pili 76, ya tatu 88, jumla kama wati 220. Mawingu yakiwa mepesi, nje kuna 20,000, ni safu ya ndani tu inayowaka, kwa asilimia 40. Nimeacha nje mwanga unaomwagika kutoka safu moja kwenda nyingine. Ukiuhesabu, mahitaji yanashuka kidogo tena.

Kupunguza mwanga wa LED si kazi ya kufunga dima ya ukutani iliyotengenezwa kwa balbu za zamani. Kila taa ina kifaa chake cha kuilisha umeme, mafundi hukiita draiva, na draiva nyingi za bei nafuu hazikubali kupunguzwa. Ukizilazimisha kwa dima ya ukutani zinapepesa, zinavuma, kisha zinakufa. Draiva inayofaa ina nyaya mbili za ziada za kupokea amri. Njia rahisi ni ya volti 1 hadi 10, ambapo volti ikishuka mwanga unashuka. Hapo kanda ni zile zilizoungwa na waya, na kuzibadilisha ni kufumua dari. Njia ya pili ni DALI, ambapo kila draiva ina anwani yake, hadi 64 kwenye laini moja, na makundi hadi 16 yanapangwa kwa programu. Kwa jengo ambalo kesho darasa litageuzwa maktaba, DALI inalipa. Kwa madarasa ya kawaida volti 1 hadi 10 inatosha, mradi safu zimeungwa inavyopaswa. Kabla ya kununua, washa taa ya sampuli, ipunguze hadi asilimia 20, kisha itazame kwa kamera ya simu. Michirizi myeusi ikitembea kwenye picha ni dalili kwamba taa inawaka na kuzima kwa kasi ndogo, na kuna wanafunzi ambao itawaumiza kichwa hata kama macho hayaoni kitu.

Anayetoa amri ni kihisi mwanga kinachofungwa darini. Kuna kinachotazama chini kwenye madawati, kikiona mwanga wa dirisha na wa taa kwa pamoja na kujirekebisha. Na kuna kinachotazama nje tu, kisichoona matokeo ya kazi yake. Cha kwanza kinafaa zaidi darasani, lakini kina vituko vyake. Kikifungwa karibu mno na dirisha kinaona anga lenyewe, kinaridhika, na kupunguza taa za ndani ambako bado kuna giza. Madaftari meupe yakifunguliwa yote chini yake, kinadhani mwanga umeongezeka. Ndiyo maana kihisi kimoja hakipaswi kutawala safu zote kwa kipimo kimoja: ama kila safu iwe na chake, ama kiwe kimoja lakini kila safu ipewe kiasi chake, ili safu ya ndani ipunguzwe polepole kuliko ya dirishani.

Kazi inayorukwa kuliko zote ni kukirekebisha kihisi baada ya kufungwa. Fundi anapaswa kurudi usiku, apunguze taa hadi mita isome 300 dawatini, na kukifundisha kihisi kwamba hicho ndicho kiwango. Kisha arudi mchana wa mawingu, apime tena safu ya ndani, kwa sababu mwanga wa dirisha huingia kwa ubavu na kihisi huuona tofauti na mwanga wa taa. Mabadiliko yawe ya taratibu, nusu dakika au zaidi, wingu lisije likawafanya watoto watazame dari. Na safu ya dirishani isizimwe kabisa hadi mwanga uwe umetosha kwa dakika kumi hivi. Dalili ya kazi iliyorukwa haifichiki: utakuta kihisi kimefunikwa kwa selotepu. Mwalimu aliyekifunika alikuwa na sababu, na dawa yake ni kumpa swichi ya kupandisha taa kwa mkono, ambayo yenyewe inarudi kwenye utaratibu mwisho wa kipindi.

Nilisema kipimo hiki hakijui jua. Darasa letu likitazama magharibi, asilimia yake ni ileile 2.4, lakini kuanzia saa nane mchana jua linapiga ubaoni, pazia linafungwa, na taa zinawaka kwa nguvu zote nyuma ya pazia hadi kengele ya kurudi nyumbani. Hakuna dima inayotibu hilo. Dar es Salaam ikiwa karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, jua la mchana huwa upande wa kaskazini kuanzia mapema Machi hadi karibu katikati ya Oktoba na upande wa kusini miezi iliyobaki, lakini pande zote mbili liko juu sana, na zege fupi juu ya dirisha linalizuia. La asubuhi na la jioni liko chini na linapita chini ya zege lolote. Kwa hiyo madarasa yatazame kaskazini au kusini, na upande wa magharibi wapewe ngazi, stoo na vyoo. Penye madarasa ya magharibi tayari, ni afadhali fedha ziende kwenye vizuia jua vya wima nje ya madirisha kabla ya kununua kihisi hata kimoja.

Kuhusu fedha, darasa letu kwa saa saba za masomo linatumia uniti 2.3 taa zote zikiwaka. Kanda za swichi tu zinaokoa karibu robo tatu ya uniti kwa siku kama ile ya laksi 12,000. Dima inaongeza nyingine kama 0.8. Kwa shule ya madarasa manne yenye madirisha pande mbili, nisingeshauri dima. Ningepaka rangi nyeupe, ningeunga safu sambamba na dirisha na kuandika kwenye kila swichi kwa rangi: DIRISHANI, KATI, UKUTANI. Kwa shule ya ghorofa ya madarasa thelathini yenye korido katikati, au shule ya bweni inayoishi kwa sola na kutaka betri zibaki na chaji kwa ajili ya prepo ya usiku, hesabu inageuka. Huko kila wati 100 zisizochukuliwa mchana kwa saa saba ni wati zinazobaki kuwasha darasa zima kwa zaidi ya saa mbili usiku. Hata huko, mkataba useme wazi nani atakuja kurekebisha vihisi baada ya jengo kukabidhiwa, na ripoti ya namba alizosoma kila safu ibaki ofisini kwa mkuu wa shule, ili fundi ajaye ajue pa kuanzia.